Nyangumi hazaliwi na wimbo wake

Hapa Kampala, ukisema kwamba wanyama wana utamaduni, hakosi mtu wa kukwambia kuwa mnyama hufuata silika tu, akafa kama alivyozaliwa. Mimi sikubaliani na kauli hiyo, na ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka mbali na Uganda, kwa nyangumi nundu, yule mwenye mapezi marefu ya mbele anayefika hata pwani ya Kenya na Tanzania katikati ya mwaka.

Wanaoimba ni madume, na huimba zaidi msimu wa kuzaana. Mara nyingi dume hutulia chini ya maji, kichwa kikielekea chini, akaimba bila kutoa mapovu, kwa sababu hewa inayopita kwenye zoloto haitoki nje. Huirudisha na kuitumia tena. Mwaka 1971 Roger Payne na Scott McVay walionyesha kwamba sauti hizo zina mpangilio, na mtu aliyezoea mashairi yetu ataufahamu upesi. Sauti moja moja huunganishwa kuwa mshororo, mshororo ukirudiwarudiwa unakuwa ubeti, na beti hufuatana kwa utaratibu maalumu hadi wimbo ukamilike. Wimbo mmoja huweza kuchukua dakika 10 hadi 20, kisha dume huanza upya, na anaweza kuendelea hivyo kwa saa nyingi.

Madume wa eneo moja huimba wimbo ule ule. Kadiri msimu unavyosonga huubadilisha kidogo kidogo, sauti hii ikirefushwa, ubeti ule ukiachwa, na wote hubadilika pamoja. Hadi hapo mtetezi wa silika bado anaweza kujitetea.

Lakini atueleze yaliyotokea Australia. Mwaka 1996, watafiti walioongozwa na Michael Noad walikuwa wakirekodi waimbaji wa pwani ya mashariki kwa maikrofoni za chini ya maji. Kati ya waimbaji 82, wawili walikuwa wakiimba wimbo mwingine kabisa. Ulipolinganishwa na rekodi nyingine, ulifanana na ule wa pwani ya magharibi, upande wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1997 waimbaji wengi wa mashariki walikuwa wameshauchukua, na wachache walikuwa katikati, wakichanganya wa zamani na mpya. Kufikia 1998 wimbo wa zamani haukusikika tena.

Jeni haziwezi kufanya hivyo. Madume walewale, waliokuwa hai na watu wazima, waliacha walichokuwa wakiimba wakashika cha wageni, na hilo kwangu ni kujifunza, tena kwa kusikiliza. Huenda pwani hizo mbili husikilizana kwenye malisho ya bahari ya Antaktika au njiani wakati wa kuhama, au madume wachache walipotea njia wakarudi upande usio wao.

Baadaye Ellen Garland na wenzake walifuatilia nyimbo katika Pasifiki ya Kusini kwa rekodi za 1998 hadi 2008. Waliona wimbo ukianzia mashariki mwa Australia, ukaenda Kaledonia Mpya, Tonga, Visiwa vya Cook, hadi Polinesia ya Kifaransa, safari ya takribani miaka miwili, na karibu kila mara ukielekea mashariki. Sababu inayoelekea kuwa na nguvu ni idadi: Australia ina nyangumi wengi kuliko visiwani, na palipo na sauti nyingi ndipo wimbo hutoka.

Kinachonivutia zaidi ni zile nyimbo chache zilizonaswa zikiwa nusu za kale, nusu mpya. Dume hachanganyi ovyo. Huweka beti nzima za zamani, kisha beti nzima za mpya, na mara nyingi huvuka pale ambapo sauti za pande mbili zinafanana. Maana yake anajifunza kwa vipande, ubeti kwa ubeti.

Kwa nini aache wimbo wake? Wengi husema upya huwavutia majike, au humtofautisha dume na wenzake. Mimi nauona upya kuwa sehemu ya jibu, lakini sisemi majike ndio waamuzi, kwa kuwa bado haijaonekana wazi kwamba jike huchagua dume kwa wimbo wake. Kilichopimwa ni kwamba wimbo unaobadilika polepole huzidi kuwa na mambo mengi, na ule unaoingia kwa mkupuo huwa mwepesi kuliko uliotangulia. Pengine jambo jipya kabisa lina kikomo cha kushikika kwa wakati mmoja.

Na anayedhani haya ni ya baharini tu aende Budongo, hapa kwetu. Mwaka 2011 sokwe wa kundi la Sonso walianza kutumia kuvumwani kunyonyea maji, na watafiti waliona desturi hiyo ikipita kutoka sokwe mmoja hadi mwingine kwa kutazamana. Tofauti ni kwamba sokwe anahitaji kuwa karibu na mwenzake ili amwone. Kwa sokwe ni majike ndio huhama kundi wakikomaa, hivyo desturi ikivuka huvuka nao. Nyangumi anahitaji masikio tu, na maji hubeba sauti kwa kilomita nyingi.