ANA chanya peke yake si ugonjwa wa ini

Mama mmoja wa miaka 46 alikuja kliniki akiwa na bahasha ya majibu na mfuko wa dawa. Alikuwa amekunywa prednisoloni miligramu 30 kwa siku kwa miezi mitatu, kwa kuwa aliambiwa kinga yake ya mwili inashambulia ini. Uso ulikuwa umevimba, na sukari iliyokuwa sawa mwaka uliotangulia ilianza kupanda. "Daktari," aliniambia, "dawa hii imenibadilisha sura, lakini usiku bado najikuna viganja na nyayo mpaka alfajiri." Kwenye karatasi yake ya maabara palikuwa na mstari mmoja uliozungushiwa kalamu nyekundu: ANA, yaani kingamwili zinazoshika kiini cha seli za mtu mwenyewe, chanya. Ugonjwa wake wote ulikuwa umejengwa juu ya mstari huo.

Nimeona kosa hili zaidi ya mara moja, na siamini kwamba linatokana na uvivu. Linatokana na mpangilio wa kusoma: tunaanza na kingamwili, kisha tunatafuta ugonjwa wa kuzifaa. Msimamo wangu ni kwamba ianze hesabu ya vimeng'enya, ndipo kingamwili zifuate. Na maabara isitoe jibu la ANA bila kusema kiwango chake na sura yake chini ya hadubini.

Tuanze na hesabu, maana haihitaji mashine yoyote mpya. Majibu yake ya kwanza ya vimeng'enya viwili vya ini, kabla ya dawa, yalikuwa ALT 78 ambapo kikomo cha juu cha maabara ile ni 40, na ALP 390 ambapo kikomo ni 120. Unagawa ALT kwa kikomo chake, unapata 1.95. Unagawa ALP kwa kikomo chake, unapata 3.25. Kisha unagawa jibu la kwanza kwa la pili:

```
R = (78/40) / (390/120) = 1.95 / 3.25 = 0.6
```

R ikifika 5 au zaidi, wanaoumia ni seli za ini zenyewe. Ikiwa 2 au chini, tatizo liko kwenye njia ya nyongo. Katikati ni mchanganyiko. Yeye alikuwa na 0.6. Kimeng'enya cha tatu, GGT, nacho kilikuwa juu, 310, kwa hiyo ile ALP haikuwa ya mifupa, kwani mifupa hutoa ALP pia lakini haipandishi GGT. Karatasi ilikuwa inasema "mirija ya nyongo" tangu siku ya kwanza.

Sababu ya hesabu hii kufanya kazi ni mahali vimeng'enya vinapokaa. ALT imo ndani ya seli ya ini, na seli ikipasuka humwagika kwenye damu. ALP hukaa kwenye utando unaopakana na njia ya nyongo, na nyongo ikikwama seli huitengeneza kwa wingi. Magonjwa matatu ninayoyazungumzia hapa yanatofautiana hasa kwa mahali pa kushambuliwa. Kwenye homa ya ini ya kinga, AIH, askari wa kinga huvamia seli za ini zilizo mpakani mwa vile vichaka vidogo ambamo mishipa ya damu na mirija ya nyongo hupita pamoja. Ukitazama kipande cha ini utaona seli za plazima zimejaa mpakani, na ALT yao mara nyingi hupanda mara tano, kumi au zaidi. Kwenye ugonjwa wa pili, PBC, inayoliwa ni mirija midogo sana ya nyongo, ile isiyoonekana kwa picha yoyote. Kwenye wa tatu, PSC, mirija mikubwa, ndani na nje ya ini, huvimba, hupata makovu na kubanwa hapa na pale.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa ANA. Niliomba maabara waiangalie slaidi tena, na mtaalamu aliyenipokea alikuwa mtu makini. Kipimo cha ANA hufanywa juu ya seli za HEp-2, ambazo ni seli za binadamu zilizooteshwa maabara: unaweka damu ya mgonjwa, kisha rangi inayong'aa, na unatazama ni sehemu gani ya seli imewaka. Ripoti ya kwanza ilikuwa imeandika "chanya" basi. Slaidi yenyewe ilikuwa na mambo mawili. Ndani ya kiini cha seli palikuwa na vidoti vingi vinavyong'aa, vilivyotawanyika kama punje za mtama, kwa kiwango cha 1:320, yaani ziliwaka hata damu ilipozimuliwa mara 320. Nje ya kiini, kwenye mwili wa seli, palikuwa na chengachenga za mwanga ambazo hazikuandikwa kabisa, kwa sababu aliyesoma alikuwa anatafuta kiini tu.

Vidoti vile ndiyo sura ya kingamwili dhidi ya sp100, inayoelekeza kwenye PBC. Ndugu yake, kingamwili dhidi ya gp210, huwasha ukingo wa kiini kama pete. Chengachenga za nje ya kiini hutufanya tushuku AMA, kingamwili dhidi ya mitokondria, ambayo hupatikana kwa wagonjwa 9 kati ya 10 au zaidi wa PBC. Tukaagiza AMA yenyewe, ikarudi chanya kwa 1:160. Kwa hiyo ANA iliyompeleka kwenye prednisoloni ilikuwa, kwa sura yake, ushahidi wa kinyume. Hili ndilo linaloniuma: taarifa ilikuwepo kwenye kioo, ikapotea kwenye neno moja.

Wenzetu wa maabara wanaotumia vipande vya ini, figo na tumbo la panya wana mtego mwingine. AMA huwasha mirija ya figo. Kingamwili ya LKM, ambayo ni ya AIH ya aina ya 2 inayowapata zaidi watoto na vijana, nayo huwasha mirija ya figo, lakini ile sehemu ya kwanza ya mrija, pamoja na seli za ini kwa nguvu. Asiye na mazoea huandika moja kwa jina la nyingine, na mtoto anayehitaji dawa ya kutuliza kinga haraka anabandikwa ugonjwa ambao kwa watoto karibu haupo. Ukiona "AMA chanya" kwa mtoto mwenye ALT ya mamia, piga simu maabara kabla hujafanya lolote.

PBC huthibitishwa kwa mambo mawili kati ya matatu: ALP iliyopanda kwa muda kwa kiasi cha mara moja na nusu ya kikomo au zaidi, AMA kuanzia 1:40, na kipande cha ini kinachoonyesha mirija midogo ikiharibiwa. Mama huyu alikuwa na mawili ya kwanza, hivyo hakuchomwa sindano ya ini. Mwenye AMA chanya lakini vimeng'enya vya kawaida hatuwezi kumwita mgonjwa kwa hiyo AMA tu. Anapimwa vimeng'enya kila mwaka. Mwenye kushukiwa AIH, kwa upande wake, kipande cha ini karibu kila mara kinahitajika, kwa kuwa hakuna kingamwili ya AIH inayotosha peke yake isipokuwa labda ya SLA, ambayo ni nadra kuipata bila ugonjwa huo, na ambayo wagonjwa wengi wa AIH hawana.

Hapa nina neno kwa sisi wa Afrika Mashariki hasa. Alama za AIH zinazotumika sana, zile zilizorahisishwa mwaka 2008, zinatoa pointi kwa ANA au SMA kuanzia 1:40 na kwa IgG, jumla ya kingamwili za kawaida za damu, iliyopita kikomo. Lakini ANA ya kiwango kidogo hupatikana kwa watu wenye afya kabisa. SMA, inayoshika misuli laini, hujitokeza pia kwenye homa ya ini ya virusi. Na IgG ya mtu aliyekulia kwenye malaria na kichocho mara nyingi huwa juu bila ini kuwa na kosa. Pointi zinakusanyika haraka mno. Alama hizo hizo zinadai virusi viondolewe kwanza, na sharti hilo ndilo linalorukwa. Pima homa ya ini ya B na C. Kisha uliza dawa: nitrofurantoini, inayouzwa kila duka kwa maambukizi ya mkojo, inaweza kuleta picha inayofanana kabisa na AIH, hata ANA ikawa chanya. Uliza miraa pia, kwa upole na bila kuhukumu, maana madaktari wameripoti watafunaji waliopata ini lenye sura hiyo hiyo.

PSC nimeiacha mwisho kwa sababu kingamwili hazisaidii sana. Ipo kingamwili ya p-ANCA, na wengi wa wagonjwa wa PSC wanayo, lakini wenye kolaitisi ya vidonda, yaani vidonda vya utumbo mpana, bila ugonjwa wa ini wanayo pia, na wenye AIH vilevile. Nikiona kijana wa kiume mwenye R ya chini, AMA hasi, na historia ya kuharisha damu, naacha kutafuta kingamwili na kuomba MRCP, yaani picha ya MRI ya mirija ya nyongo. Mirija iliyobanwa na kupanuka kwa zamu huonekana kama shanga kwenye uzi. Ultrasaundi ya kawaida inaweza kuwa safi kabisa, kwa hiyo isikutulize. Kabla ya kumpa jina hilo, pima IgG4, aina mojawapo ya IgG, maana kuna ugonjwa unaofanana nao ambao hutii prednisoloni, wakati PSC haitii. Na afanyiwe kolonoskopia, kutazamwa utumbo mpana kwa kamera, hata kama haharishi, kwa sababu takriban 7 kati ya 10 wana ugonjwa wa utumbo, mwingine kimyakimya. Saratani ya njia ya nyongo na ya utumbo mpana ndizo zinazotutia hofu kwa hawa, na dawa iliyothibitika kuzuia ugonjwa usisonge hatuna. Wengine huishia kwenye upandikizaji wa ini.

Wapo wachache wanaobeba AIH na PBC kwa pamoja. Sikatai. Ila jina hilo la mchanganyiko litolewe baada ya ALT ya kweli ya juu na kipande cha ini, lisitolewe kwa sababu tu kingamwili mbili zimewaka kwenye karatasi moja.

Kwa yule mama tulipunguza prednisoloni kidogo kidogo, wiki kwa wiki, kwa kuwa baada ya miezi mitatu huwezi kuikata ghafla. Inafaa kujua kwamba ALT yake ilikuwa imeshuka kutoka 78 hadi 61 akiwa kwenye dawa ile, na hilo liliwapa moyo waliomtibu. ALP ilikuwa 402, haikuyumba. Tulimwanzishia asidi ya ursodioksikoliki. Kipimo ni miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ana kilo 62, kwa hiyo vidonge vitatu vya miligramu 300. Dawa hii hulinda ini lakini haimalizi muwasho. Kwa muwasho alijaribu kolestiramini, akiinywa saa nne mbali na ile nyingine ili isiizuie kufyonzwa, isimsaidie vya kutosha. Tukahamia rifampisini miligramu 150, ile ile ya kifua kikuu, tukipima ALT mara kwa mara kwa sababu yenyewe inaweza kuumiza ini. Wiki ya pili alilala usiku mzima.

Mifupa yake tumeipima pia, kwani PBC huidhoofisha na prednisoloni ilikuwa imeongeza mzigo. Baada ya mwaka ALP ilisoma 168. Na ile maabara sasa inaandika kiwango na sura kwenye kila ANA chanya, pamoja na mstari wa ziada kwa kinachoonekana nje ya kiini.