Kitenzi kinapokosa nomino yake: kukagua upatanisho kabla ya kutuma barua pepe ya kikazi

“Dada, mtu ameielewa barua, amejibu, na kazi imeendelea. Sasa nikiandika ‘ombi imepokelewa’ badala ya ‘limepokelewa’, nimemkosea nani hasa?”

Aliyeniuliza ni kijana wa ofisini kwetu anayeandika barua pepe nyingi kutuzidi sote, na hoja yake ina uzito. Ukisoma “ombi imepokelewa” hupotei. Nomino iko moja tu, imekaa jirani kabisa na kitenzi chake, na hakuna kingine kinachoweza kuwa kimepokelewa. Tena Kiswahili cha mazungumzo cha Nairobi, na cha miji mingi ya Kongo, kimepunguza ngeli kwa kiasi kikubwa, i- ikibeba kazi ya viambishi kadhaa, na watu wanafanya biashara na kulea watoto kwa Kiswahili hicho bila kukwama. Anayesema watu hao hawajui lugha anawaonea.

Ila mfano alioutoa ni ule mwepesi. Barua za ofisini haziishii kwenye nomino moja na kitenzi kimoja. Chukua hii, ambayo ilinifikia niipitie kabla haijatoka. Ilikuwa jibu kwa kikundi kilichoomba kuongezewa muda wa kukamilisha maombi ya ruzuku:

“Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Ofisi yetu ilipokea ombi lenu na ilijadiliwa na kamati. Orodha ya viambatisho vinavyohitajika vimeambatishwa. Tunakuomba mtume nakala za vyeti vilivyothibitishwa kabla ya Ijumaa.”

Kompyuta haikupigia mstari mwekundu hata neno moja, na isingeweza, kwa sababu kila neno hapo ni la Kiswahili na limeandikwa sawasawa. Programu ya tahajia hutazama neno likiwa peke yake. Kosa la upatanisho liko kati ya neno na neno.

Anza na “ilijadiliwa”. Katika sentensi ile i- ina nomino ya kuipokea, nayo ni ofisi. Kwa hiyo tumewaandikia watu kwamba kamati iliijadili ofisi yetu. Nilipomuuliza mwandishi, akanifungulia rasimu ya kwanza: alikuwa ameandika “ilipokea barua yenu na ilijadiliwa”, kisha akaona “ombi” linafaa zaidi, akabadilisha nomino na “yenu” iliyoifuata. Kitenzi cha mbele kikabaki na kiambishi cha barua ambayo haipo tena. Makosa mengi ninayoyakuta huzaliwa hivyo, hasa kwenye barua iliyonakiliwa kutoka ya mwezi uliopita: mtu anabadilisha “mkataba” kuwa “makubaliano” mahali pamoja, na “umesainiwa” inabaki inaning’inia mistari mitatu chini. Anayeandika hivyo anaijua ngeli vizuri sana. Amehariri tu, akasahau kufuata mnyororo hadi mwisho.

“Orodha ya viambatisho vinavyohitajika vimeambatishwa” ina chanzo kingine. Nomino kuu ni orodha, lakini kati yake na kitenzi vimeingia viambatisho na vi- zake mbili, na sikio likavutwa na sauti ya karibu. Hapa mpokeaji anaweza kuhangaika kweli. Akisoma vi-, anatafuta viambatisho vyenyewe kwenye barua. Havipo, kuna orodha tu. Ataandika kuuliza, na siku moja imekwenda. “Imeambatishwa” ingemwambia kilichotumwa ni nini.

La mwisho ndilo lililonifanya nimpigie simu badala ya kumwandikia. “Nakala za vyeti vilivyothibitishwa” haina kosa la sarufi. Vyeti, vilivyothibitishwa: upatanisho umekamilika. Lakini tulichokihitaji ni nakala zilizothibitishwa, yaani zilizogongwa muhuri na wakili au hakimu kwamba zinalingana na vyeti halisi. Kwa vi-, kikundi kingeweza kutoa fotokopi za kawaida, zikarudishwa, na Ijumaa ikapita. Kati ya z- na v- hapo kuna ruzuku ya watu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kijana wangu. Kiambishi cha Kiswahili ndicho kiwakilishi chetu. Kitenzi kikisimama bila nomino, kiambishi peke yake ndicho kinachosema tunazungumzia nini. Tuma mkataba na ankara, kisha uulize “umefika?” Umeulizia mkataba. Uliza “imefika?” na umeulizia ankara, na mtu atakujibu kwa uaminifu kuhusu ankara. Ukitaka vyote viwili, “vimefika?” inakutosha.

Kwa hiyo sikagui kila kitu kwa ukali uleule. Ninaanzia mwisho wa barua kurudi juu, ili maana isinibebe, na kila nikifika kwenye kitenzi nauliza: nani, au nini? Natafuta nomino, naziruka zilizo katikati, nasoma hizo mbili kwa sauti zikiwa zimeshikana: orodha imeambatishwa, ombi lilijadiliwa. Kisha narudia kwa “amba-” na kwa vitenzi vyenye -lio-, -lizo-, -livyo-, kwa sababu hivyo ndivyo hutaja sharti. Mwisho naangalia ninayemwandikia ni mmoja au wengi, nisichanganye kama “tunakuomba mtume”. Kifungu hicho nilikibadilisha kuwa “tunawaomba mtume”. -Wa- inaweza kumaanisha ninyi au wao, na m- ya “mtume” inamaliza utata huo. Barua ya ukurasa mmoja hainichukui zaidi ya dakika tano.

Upande wa pili una hoja nyingine ambayo naikubali kwa moyo wote: marekebisho nayo huharibu. Nimeona “viongozi wetu” ikisahihishwa kuwa “viongozi vyetu” na mtu aliyeona vi- akasahau kwamba viongozi ni watu, na kitenzi chao ni “wamefika”. Nimeona pia “rafiki zetu” ikikatwa kwa kalamu nyekundu, ilhali majina ya udugu na urafiki huchukua yangu na zangu kwenye umilikishi huku kitenzi kikibaki na a- na wa-: rafiki zetu walifika. “Kampuni zimewasilisha” na “makampuni yamewasilisha” zote zinatumika. Anachodaiwa mwandishi ni kutoanza na moja na kumalizia na kitenzi cha nyingine. “Taarifa hii” na “taarifa hizi” zote ni sahihi, ila amua kwanza ni moja au ni nyingi. Asiye na hakika aache kama ilivyo, amuulize mwenzake.

Na marekebisho yasiende kwa watu wote waliowekwa kwenye nakala ya barua. Huo ni uchungu usio na sababu, na unamfanya mtu ahamie Kiingereza barua inayofuata, jambo ambalo nalichukia kuliko “ombi imepokelewa” mia.

Barua ile ilitoka hivi: “Ofisi yetu ilipokea ombi lenu, nalo lilijadiliwa na kamati. Orodha ya viambatisho vinavyohitajika imeambatishwa. Tunawaomba mtume nakala zilizothibitishwa za vyeti vyenu kabla ya Ijumaa.” Utaona “zilizothibitishwa” nimeisogeza ikakaa mkononi mwa “nakala”, vyeti vikabaki nyuma, ili hata anayesoma harakaharaka kwenye simu asivipe muhuri usio wao.