Tamthilia za Upelelezi: Tazama Swali Kabla ya Kutazama Damu

Mtu akitafuta tamthilia ya mauaji ya kutazama, kwa kawaida huulizia kiasi cha giza: ni ile nyepesi ya kijijini, yenye chai na bustani, au ni ile ya polisi wasiolala na maiti juu ya meza ya daktari? Kipimo hicho kina kazi yake, hasa kwa anayetazama na watoto sebuleni. Ila hakikwambii utakuwa unafumbua nini kwa saa nzima, na hapo ndipo wengi huishia kuacha tamthilia katikati wakidhani ni mbovu.

Chukua Death in Paradise, iliyoanza BBC mwaka 2011. Kisiwa cha kubuni cha Saint Marie katika Karibi, jua, bahari, na mauaji ambayo mara nyingi yanaonekana hayawezekani. Kesi ya kwanza kabisa ni ya mtu aliyepigwa risasi ndani ya chumba kilichofungwa. Swali kubwa hapo ni "vipi?", na jibu hutolewa mwishoni, washukiwa wote wakiwa wamekusanywa mahali pamoja. Mapatano na mtazamaji ni kwamba dalili zote zipitishwe mbele ya macho yake. Wasomaji wa Muhammed Said Abdulla wanaujua mpango huu: Najum huona karibu kila anachokiona mwenzake, mpelelezi Bwana Msa, ila hajui kukisoma. Udhaifu wa mpango huu ni kwamba wahusika hubaki vipande vya fumbo. Marehemu haliliwi na mtu muda mrefu, na anayetaka kuhisi uzito wa kifo atabaki na njaa.

Upande wa pili wapo Wadenmaki na Forbrydelsen ya mwaka 2007. Msimu wa kwanza una sehemu 20 juu ya kifo cha msichana mmoja, na kila sehemu ni siku moja ya upelelezi. Kamera haikai na mpelelezi Sarah Lund peke yake. Inarudi kwa wazazi wa marehemu, kisha kwa mwanasiasa anayegombea umeya wa Kopenhagen. Majonzi ya wazazi wale yanapewa nafasi ambayo tamthilia nyepesi haina. Lakini kama fumbo, urefu huo unaigharimu. Mshukiwa akikamatwa katika sehemu ya sita, mtazamaji anajua bado 14 zimebaki, kwa hiyo huyo si muuaji. Idadi ya sehemu inamtetea kuliko wakili. Ukiichagua kwa ajili ya kushindana na mpelelezi, utachoka. Ukiichagua uone mauaji yanavyoifanya familia, hizo sehemu 20 hazitakuwa nyingi.

Binafsi naona aina inayosahaulika ni ya tatu, ambayo haijali giza wala wepesi: muuaji unamjua tangu mwanzo. Columbo, tamthilia ya Kimarekani ya mpelelezi wa jina hilo, ndiyo shule yake. Katika sehemu yake "Murder by the Book" ya mwaka 1971, iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana, waandishi wawili wa riwaya za mauaji wanaachana kikazi. Mmoja, Ken, anampeleka mwenzake kwenye nyumba yake ya mapumziko nje ya Los Angeles, anamshawishi ampigie mkewe simu na kumwambia bado yuko ofisini, kisha anampiga risasi simu ikiwa wazi. Mke anaapa kwamba mumewe ameuawa ofisini. Sisi tumeona kila kitu, kwa hiyo swali linalobaki ni: atanaswaje?

Jibu linaanzia kwenye mambo madogo. Ken anapopewa habari za msiba akiwa huko mbali, anarudi kwa gari badala ya kupanda ndege. Tena, maiti ikiwa imelala mbele ya nyumba yake, anafungua barua zake. Columbo anayashika hayo mawili na hayaachi. Hakuna anayeweza kukutangulia kwa kubahatisha, na hakuna mwigizaji maarufu atakayevujisha siri kwa kuonekana katika nafasi ndogo, kasoro ambayo tamthilia nyepesi hazijawahi kuitibu. Wanaoikataa aina hii husema imekosa mshangao, na wana haki: asiyevumilia mazungumzo marefu ya watu wawili chumbani atasinzia. Hata ushahidi wa mwisho wa Columbo wakati mwingine ni mwembamba. Wakili hodari angeuchana mahakamani.

Kwa hiyo kabla ya kujifunga na misimu mitano, tazama sehemu ya kwanza ukiangalia kamera inabaki na nani baada ya maiti kupatikana. Ikibaki na vitu, kama saa, ufunguo au glasi, umepewa fumbo, kaa macho. Ikibaki na mama wa marehemu, weka daftari pembeni. Ikimfuata muuaji akifuta alama za vidole, tulia umsubiri mpelelezi abishe hodi.