Unamlipa Mwalimu Ili Umsikilize?

Matangazo yamezagaa tena kwenye makundi ya Wasapu: Kijerumani B1, mwalimu mzoefu, sarufi yote kwa muda mfupi. Sarufi yote! Kwani kwenye mtihani wa kuzungumza wa Taasisi ya Goethe nani atakuuliza jedwali la vitenzi? Mnaingia wawili, mnapanga jambo pamoja, kila mmoja anawasilisha mada, mnaulizana maswali. Kama dakika 15 hivi, mmemaliza. Sasa mtu analipia saa nzima ya mwalimu binafsi, anaishia kunakili ubao.

Mwalimu mpime kwenye somo la majaribio. Omba ruhusa urekodi, kisha sikiliza dakika 10 za katikati ukiwa na saa mkononi. Kwa kiwango cha B1, kama hujazungumza hata dakika 5, mshukuru na utafute mwingine. Sikiliza pia anachofanya ukikwama. Mzuri hunyamaza kidogo au hukupa neno moja. Mbaya humalizia sentensi yako, nawe unaitikia "ndiyo, ndiyo" ukidhani umeisema wewe. Mjerumani wa kuzaliwa? Haya, matamshi atakusaidia. Basi.

Ila si haki kumlaumu mwalimu peke yake. Mwanafunzi akija mikono mitupu, mwalimu afanye nini kama si kuhutubu?

Tuseme mada ni watoto kumiliki simu. Uwasilishaji una sehemu tano: utangulizi, uzoefu wako, hali ya nchini kwako, faida na hasara pamoja na maoni yako, hitimisho. Siku moja kabla, andika maneno matatu tu kwa kila sehemu. Sentensi nzima usiandike, maana utazikariri, na swali la kwanza la "kwa nini?" litakuacha bubu. Jirekodi kwa dakika 3, kisha usikilize na uweke alama kila ulipokwama au kuchomeka Kiingereza. Maneno ya kutafuta kwenye kamusi ni hayo, si orodha ya maneno hamsini ya teknolojia. Mtumie mwalimu rekodi hiyo jioni ileile, ili somo lisianze na "leo tufanye nini?"

Darasani anza kuzungumza mara moja. Mwalimu aandike makosa kwenye waraka mnaouona wote wawili, bila kukukatiza, kisha akuulize maswali. Baada ya hapo chagueni makosa mawili yanayojirudia. Kwa wengi wetu mojawapo ni kitenzi, ambacho baada ya "kwa sababu" ya Kijerumani hutakiwa kwenda mwisho wa sentensi, nasi tunakiacha katikati kama tulivyozoea. Kisha wasilisha mada ileile upya, toka mwanzo. Wengi huiruka raundi hii ya pili kwa kuona ni marudio, kumbe ndipo kitenzi kinapoanza kwenda mahali pake bila kukifikiria.

Na maelezo marefu ya kanuni? Akutumie kwa ujumbe, usome kwenye daladala.