Kaya 600 za kando ya ziwa: zilipatikanaje hasa?

Ripoti nyingi za utafiti wa kaya zina sentensi hii: "Kaya 600 zilichaguliwa kwa nasibu kwa kutumia matabaka na klasta." Kwangu mimi sentensi hiyo haitoshi kuchapishwa, kwa sababu msomaji akiimaliza bado hajui kaya hizo zinamwakilisha nani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Halmashauri moja ya Mwanza iliyo kando ya ziwa ina kaya 100,000, na swali ni hili: kaya ngapi zinakunywa maji ya ziwani? Anayeishi ufukweni na anayeishi bara hawachoti sehemu moja, hivyo mtafiti anagawa matabaka mawili: ufukweni kaya 20,000, bara kaya 80,000. Kila tabaka analipangia kaya 300, ili ufukweni apate watu wa kutosha kulizungumzia tabaka hilo peke yake. Huo ni uamuzi mzuri, ila una gharama yake, na gharama hiyo lazima iandikwe.

Tuseme ufukweni asilimia 70 wanakunywa maji ya ziwani, bara asilimia 10. Ukizichanganya kaya 600 kama zilivyo unapata asilimia 40. Lakini kila kaya ya ufukweni iliyohojiwa inasimama badala ya kaya 67 hivi, na ya bara badala ya 267. Ukizipa uzito wake, jibu la halmashauri nzima ni asilimia 22. Ripoti inayosema "matabaka" bila kutaja ukubwa wa kila tabaka na bila kusema kama uzito ulitumika inamwacha msomaji katikati ya 22 na 40, hana namna ya kujua kapewa ipi. Tena aelezwe "ufukweni" ni wapi: kijiji chochote kinachopakana na maji, au kaya zilizo ndani ya kilomita moja? Vijiji vingine vinaanzia majini na kuishia mlimani kabisa.

Kwenye klasta, yaani makundi ya kaya jirani yanayochaguliwa kwanza kabla ya kuchagua kaya zenyewe, ndiko watu wanakojidanganya zaidi. Tuseme klasta ni maeneo ya kuhesabia watu ya Sensa ya 2022, yamechaguliwa 15 kila tabaka, na kila eneo kaya 20. Jumla 600. Lakini kaya 20 za eneo moja zinachota bomba moja au mwalo mmoja. Ukishahoji tano, unaweza kukisia jibu la ya sita. Kufanana huko kunapimwa, na hasara yake ni:

```
deff = 1 + (m - 1) * rho
```

`m` ni kaya kwa kila klasta, `rho` ni kiwango cha majirani kufanana. Kwa `m` 20 na `rho` 0.2, `deff` ni 4.8; ukigawanya 600 kwa 4.8 unaona kwamba kaya 600 zinabeba taarifa sawa na kaya 125 zilizochaguliwa mojamoja. Ukichukua kaya 10 kwenye maeneo 60, `deff` inashuka hadi 2.8 na kaya zilezile 600 zina nguvu ya 214. Ndiyo maana idadi ya klasta ni muhimu kuliko jumla ya kaya, na mimi huitafuta kwanza.

Halafu kuna orodha. Mwenyekiti wa kitongoji ana daftari la wakazi, lakini wavuvi wa kambi za dagaa mara nyingi hawamo. Wakati wa giza wanavua usiku na mchana wamelala. Mbalamwezi ikiwaka wengi wanarudi kwao. Mhoji anayepita saa nne asubuhi, akakuta mlango umefungwa na kuhamia kaya jirani, anamwondoa mvuvi na kumweka mtu anayeshinda nyumbani. Kaya mbadala za namna hiyo zinatimiza 600 huku zikipotosha picha, na hesabu yoyote ya uzito haitakuonyesha.

Aya ninayoitaka isomeke hivi: "Maeneo 15 ya kuhesabia watu yalichaguliwa katika kila tabaka, uwezekano wa kila eneo ukilingana na idadi ya kaya zake katika Sensa ya 2022. Kaya ziliorodheshwa upya wiki moja kabla ya usaili, zikiwemo kambi za wavuvi, kisha 20 zikachaguliwa kwa nasibu katika kila eneo. Zilizokutwa hazina mtu zilirudiwa mara tatu, moja ikiwa jioni, na hazikubadilishwa. Kaya 541 kati ya 600 zilihojiwa: 252 ufukweni, 289 bara. Uzito ulirekebishwa kufuata orodha mpya na kaya zilizokosekana, na mipaka ya makosa imezingatia klasta."

Hizo 48 za ufukweni zilizokosekana, dhidi ya 11 za bara, zinamwambia msomaji pa kutilia shaka. Katika sentensi ya mwanzo zisingeonekana kabisa.