Barua kwa meneja wa sinema isiwe ya kuomba msaada

Mimi ni mwenyekiti wa klabu ya filamu hapa Unguja, na barua za kuomba punguzo la onyesho la kikundi huwa naziandika mwenyewe. Nyingi ninazoziona kwa wenzetu huanza na "Husika na mada tajwa hapo juu", kisha zinaeleza hali ngumu ya vijana na kumalizia kwa kutaraji ushirikiano. Meneja anazisoma kwa heshima, anaziweka kwenye faili, basi.

Naamini kosa liko kwenye ombi lenyewe. Meneja hana uhuru wote wa kupunguza bei, kwa sababu filamu mpya si mali yake. Sehemu ya kila tiketi, mara nyingi nusu hivi na pengine zaidi, huenda kwa msambazaji, naye anaweza kukataa bei ishushwe. Kwa hiyo mpe hesabu atakayoweza kumpelekea huyo msambazaji.

Tuseme tiketi ni shilingi 10,000, na onyesho la Jumanne saa 10 alasiri huvuta watu 15. Hizo ni 150,000. Akigawana nusu kwa nusu, anabaki na 75,000. Klabu ikinunua viti 60 kwa 6,000 kila kimoja, inaingia 360,000 na fungu lake linakuwa 180,000. Umeme na mishahara ya siku ile ni vilevile. Sisi aya yetu ya pili husomeka hivi:

"Tunachukua viti 60 na kuvilipia vyote, hata kama wataofika ni 45. Nusu ya fedha tutalipa mara tu utakapokubali, na iliyobaki siku tatu kabla ya onyesho."

Ahadi hiyo ya kulipia hata viti vitupu ndiyo yenye uzito. Bila ya hiyo, hasara yote ya watu kutofika inamwangukia yeye.

Saa nayo itajwe na sababu yake. Tukianza saa 10 baada ya sala ya alasiri, filamu ya dakika 100 inamalizika saa 11 na dakika 40. Tunapata dakika 20 za mazungumzo, watu wanatoka kabla ya magharibi, na wa Fuoni bado wanapata daladala. Filamu ya saa mbili na nusu haiingii hapo, tusiiombe.

Kama filamu haipo kwenye ratiba yake, barua ifike wiki tatu kabla. Faili la filamu huja limefungwa, na ufunguo wake wa kidijitali hutolewa kwa mashine ya ukumbi ule na kwa muda uliopangwa tu. Ukibadilisha siku dakika za mwisho, filamu haifunguki hata kama ukumbi umejaa.

Mwisho wa barua tunasaini wawili, mimi na mshika fedha, na namba ya simu tunayoiweka ni ya mshika fedha.