Ukuta wa mawe unaomwaga lipu: saruji au chokaa?

"Ukuta wa chini wa nyumba yetu Malindi, Unguja, unamwaga lipu kila baada ya masika. Fundi anataka kupiga saruji tumalize kabisa. Ami yangu hataki hata kuisikia saruji, anasema ni chokaa tu. Tumsikilize nani?"

Fundi ana hoja, na si ndogo. Saruji ipo kila duka la vifaa, inashika siku hiyo hiyo, na kijana yeyote aliyeshika mwiko anaijua. Chokaa inataka pipa la kulowekea, mchanga wa kuchagua na wiki kadhaa za magunia mabichi ukutani, na watu wanaishi humo humo ndani wakipika na kulala. Mafundi wanaoijua vizuri wamebaki wachache. Anayesema "tumia chokaa" akaishia hapo amemtwisha mwenye nyumba mzigo, kisha akaenda zake. Hata hivyo, nikiutazama ukuta wenyewe naegemea kwa ami yako, na sababu yangu ni chumvi.

Ukuta wa Mji Mkongwe si tofali. Ni mawe ya matumbawe na udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, upana wa nusu mita hivi, wenye vitundu vingi kama sifongo. Chumvi imo tangu mwanzo: kwenye mawe yaliyotoka kando ya bahari, kwenye mchanga wa pwani ambao haukuoshwa, na kwenye upepo wa kila siku. Maji ya chini yanapopanda ukutani huibeba na kuileta juu. Yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki na kuwa fuwele. Fuwele ikikua ndani ya kitundu kidogo inakisukuma mpaka kinapasuka.

Hapa hali ya hewa ya pwani inazidisha tatizo. Chumvi ya bahari huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, na ukishuka chini ya hapo inarudi kuwa fuwele. Kwetu unyevu unavuka mstari huo huku na huku, pengine usiku na mchana wa siku moja. Kila mvuko ni msukumo mwingine. Ndiyo maana ukuta wenye chumvi nyingi hutoa jasho wakati wa masika hata kama hakuna bomba linalovuja: chumvi yenyewe inanyonya maji kutoka hewani. Nimeona watu wakivunja sakafu wakitafuta bomba bovu ambalo halikuwepo.

Sasa weka saruji juu ya ukuta huo. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake, tena imefunga. Maji yanayopanda hayapati pa kutokea, yanaendelea kwenda juu mpaka pale lipu inapoishia, na chumvi inajikusanya nyuma ya saruji badala ya usoni. Kwa nje ukuta unapendeza mwaka wa kwanza, hata wa pili. Ugonge kwa kifundo cha kidole: ukisikia mlio wa debe tupu, lipu imekwisha kuachana na jiwe. Siku ikidondoka huanguka bapa zima, na mgongoni mwake utaona uso wa jiwe umekwenda nayo.

Kuna nyumba moja ya jamaa zetu ambayo nimeifuatilia muda mrefu, na mlango wake wa nakshi umeigawa pande mbili. Upande wa kulia ulipigwa saruji kutoka chini hadi usawa wa kifua, upande wa kushoto ukaachwa na chokaa yake kuukuu iliyochakaa. Kabla ya kazi ile unyevu ulikuwa unafika magotini pande zote mbili. Masika ya tatu ilipopita, upande wa kulia doa lilikuwa juu ya saruji, usawa wa bega, mahali ambapo ukuta haujawahi kulowa. Upande wa kushoto lipu ilikuwa mbaya kutazama, inatoka unga ukiipitishia kiganja, lakini mawe nyuma yake yalikuwa mazima na doa halikupanda. Kilichoniuma zaidi ni mlango. Mwimo wa kulia, ulioguswa na saruji, ulikuwa umeoza kwa chini; bisibisi iliingia kama kwenye mkate. Mwimo wa kushoto ulikuwa mkavu. Mti ule ule, fundi seremala yule yule, jua lile lile. Maji yaliyokosa pa kutokea ukutani yalikuwa yameingia kwenye mbao.

Kwa hiyo lipu ya chini katika nyumba ya mawe naihesabu kuwa kafara. Inatolewa ili jiwe lisalimike. Kumwaga kwake si dalili kwamba fundi wa zamani alikosea. Ndivyo inavyofanya kazi. Ukikubali hilo, swali la "tumalize kabisa" linabadilika kuwa swali la gharama: kila baada ya muda unabadilisha kitu rahisi, usije ukabadilisha ukuta.

Kabla ya lipu yoyote tafuteni maji yanakotoka. Tazameni uchochoro: mara nyingi umetiwa tabaka juu ya tabaka mpaka umekuwa juu kuliko sakafu ya ndani, na mvua yote inaegemea ukutani. Tazameni bomba la bafu la juu na mfereji wa bati. Doa linaloanzia dari na kushuka halitibiwi kwa lipu ya chini.

Lipu mbovu itolewe kwa nyundo na tindo, kwa mkono, mpaka kama nusu mita juu ya doa. Chumvi inayoonekana ipigwe brashi kavu, ikusanywe kwenye gunia na kutupwa mbali. Msiioshe kwa maji, mtairudisha ndani. Uacheni ukuta wazi upumue wiki kadhaa, kisha mashimo yatomewe kwa vijiwe na chokaa, bila kuyajaza chokaa tupu maana itapasuka.

Chokaa ya mfuko iangalieni kabla ya kulipa. Iliyokaa sana dukani inakuwa imekwisha kunywa hewa ya ukaa na haitashika tena. Chukueni chembe muidondoshee limau: ikitoa povu jingi imekufa, rudisheni. Ilowekwe kwenye pipa, maji yaifunike, siku kadhaa angalau; mwezi ni bora. Jikingeni macho, inaunguza. Mchanga uwe wa kuchimba mbali na bahari, na kama hakuna ila wa pwani uoshwe kwa maji matamu mpaka ukiuonja hauna chumvi. Kwa tabaka la kafara changanyeni chokaa moja kwa mchanga nne, unene wa sentimita moja hivi, na msilipake rangi. Libaki mwaka mzima likivuta chumvi, kisha liondolewe. Lipu ya kudumu ndiyo inafuata, chokaa moja kwa mchanga tatu, matabaka mawili, la pili baada ya wiki au zaidi. Kila tabaka lifunikwe magunia yaliyoloweshwa siku za mwanzo, kwa sababu chokaa inashika polepole kwa kunywa hewa ya ukaa, na ikikaukia juani inabaki unga. Mwisho chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Rangi ya plastiki inarudisha kosa la saruji kwa mlango wa nyuma.

Mafundi wengi watawapa njia ya kati: chokaa na saruji kidogo "ili ishike." Naielewa, lakini siipendi. Saruji kidogo haiifanyi chokaa kuwa saruji. Inaweza kuifanya dhaifu kuliko chokaa tupu, na bado inaongeza chumvi yake yenyewe ukutani. Kama mnataka ishike mapema kwenye unyevu, tieni unga wa tofali la kuchoma lililotwangwa laini. Huo unashikana na chokaa hata pasipo hewa nyingi, na ukuta unaendelea kupumua.

Nilisema fundi ana hoja, na kuna mahali nitampa ushindi. Ukuta ulioongezwa miaka ya karibuni kwa matofali ya saruji upigwe saruji, chokaa haina faida pale. Na kama kuna sehemu ya ukuta wa mawe iliyopigwa saruji zamani, ikiwa kavu na ukiigonga haitoi mlio wa debe, iacheni. Kuing'oa saruji iliyoshika sana kwenye tumbawe laini kunaondoa uso wa jiwe, na hasara ya dawa inazidi ya ugonjwa. Upande wa ami yako nao una doa lake: chokaa ya zamani ilichomwa kwa matumbawe juu ya rundo la magogo, na hakuna mtu anayejali bahari na mikoko atakayetaka turudi huko kwa kila nyumba. Chokaa ya kiwandani inatosha.

Mlango wenu, kama bado upo, utengeni na lipu. Acheni upenyo wa kidole kati ya mwimo na lipu mpya na mjaze chokaa laini, isiwe saruji. Kama chini pameoza, seremala akate sehemu mbovu tu na kuunga mti wa aina ile ile. Vumbi la chumvi kwenye nakshi litolewe kwa brashi laini kavu. Msasa na mashine vinafuta katika saa moja kazi ya mkono ya miezi. Vanishi nene ikipasuka inafungia maji chini yake, kwa hiyo mafuta mepesi ya kitani, yaliyofutwa mpaka yasinate, yanafaa zaidi.

Kabla ya kuanza, Mamlaka ya Mji Mkongwe inahitaji kujua mnachofanya, na kibali kinachukua muda. Mkipanga vizuri, ng'oeni lipu masika ikishapita, pigeni tabaka la kafara ndani ya kipupwe jua likiwa bado la upole, na lipu ya kudumu isubiri kipupwe kinachofuata. Fundi wenu msimwache. Mpeni kwanza ukuta wa nyuma, mita mbili, kwa chokaa, na ami yako akae naye barazani siku ya kuchanganya.